Barua ya wazi kwa kamati: mstari wa Mzee Fundi niliubadilisha mimi

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati, kikundi chetu cha kufa na kuzikana, Mbagala, Dar es Salaam.
Nakala kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, ambaye tulimpelekea shauri hili likiwa nusu.

YAH: KUMSIMAMISHA MWEKA HAZINA

Mwenyekiti, shikamoo. Wajumbe wote, salaam.

Barua ya kumsimamisha Mama Salma niliiandika mimi kama katibu, nikaipiga muhuri, na nakala yake bado imebandikwa ukutani pale tunapokutania. Kwa hiyo na hii naiandika wazi, isomwe na wale wale walioisoma ile. Majina nimeyabadilisha kwa ajili ya wasomaji wa nje, ila nyinyi mtatambuana.

Sh 30,000 zilizohama kwenye jedwali letu la michango, kutoka mstari wa mwanachama Mzee Fundi kwenda mstari wa mwanachama mwenzake Rashidi, hazikuhamishwa na Mama Salma. Nilizihamisha mimi, Jumamosi usiku, mwishoni mwa Agosti, nikidhani narekebisha kosa lake. Niliingia kwa jina lake kwa sababu sote tulikuwa tunaingia kwa jina lake.

Nianzie mbali kidogo, maana wapo wanachama waliojiunga baada ya sanduku.

Wakongwe mnalikumbuka lile sanduku la bati la kijani. Lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Siku ya kikao, mmoja akichelewa daladala, tunamsubiri. Tulilalamika sana. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulala na wasiwasi kwamba mwenzake kalifungua peke yake, kwa sababu haikuwezekana. Tulipohamia kwenye simu, tukapata lipa namba, laini ikawekwa kwenye kitochi cha kikundi, na kumbukumbu tukazitoa kwenye daftari tukazipeleka kwenye jedwali la mtandaoni. Aliyetutengenezea ni kijana wetu mmoja mwanachama, na alifanya kazi nzuri. Alifungua akaunti moja ya barua pepe, akaiita "Mweka Hazina", akatunga neno la siri. Neno hilo likaandikwa kwa kalamu ya bluu nyuma ya jalada la daftari. Baada ya mwezi tulilijua watu wanne: Mama Salma, mimi, wewe Mwenyekiti, na yule kijana. Kufuli tatu tulizitupa, tukabaki na moja, na ufunguo wake tukauchonga mara nne.

Hatukuona ubaya. Mama Salma anakaanga vitumbua tangu saa kumi alfajiri, halipwi hata nauli ya vikao, na mara nyingine miamala inaingia mikono yake ikiwa kwenye unga. Tukasema tumsaidie, yeyote mwenye nafasi aingie aandike. Ndivyo tulivyofanya, nami nilikuwa namba moja kusaidia.

Sasa Jumamosi yenyewe. Jumapili tulikuwa na kikao, na mimi nilitakiwa kusoma taarifa ya miezi minane. Nilirudi kutoka Kariakoo usiku, nikala, watoto wakalala, nikafungua simu. Nilikuwa na vitu viwili mbele yangu: taarifa ya miamala ya laini ya kikundi, inayotoka kampuni ya simu, na jedwali letu. Nikawa napita mstari kwa mstari. Kwenye taarifa nikakuta Sh 30,000 zimeingia kutoka kwa RASHIDI. Nikatafuta kwenye jedwali, nikakuta Sh 30,000 za tarehe ile ile, lakini ziko kwa Mzee Fundi. Kwa Rashidi wetu hakuna kitu. Nikajisemea Mama Salma kachoka, kaandika mstari wa juu badala ya wa chini. Nikazitoa kwa Mzee Fundi, nikaziweka kwa Rashidi. Sikuandika maelezo yoyote pembeni. Sikumpigia simu mtu kuuliza. Usiku ule nilirekebisha mistari mingine kama kumi hivi, mingi yake ya kweli, tarehe zilizokosewa na majina yaliyoandikwa mara mbili.

Kwenye taarifa ya kampuni jina lilikuwa na sehemu tatu, nami nilisoma ya kwanza tu. Rashidi aliyetuma si Rashidi mwanachama. Ni kijana anayefanya kazi na Mzee Fundi pale kwenye cherehani. Mzee alimpa pesa taslimu amtumie kwa simu yake, kwa kuwa laini ya mzee ilikuwa na shida, kisha akampigia Mama Salma kumwambia, "Hizo ni zangu, za Juni, Julai na Agosti." Mama Salma akaweka kwenye mstari wa Mzee Fundi, na alikuwa sahihi kabisa.

Jumapili nilisoma taarifa. Nilisoma jumla: tumekusanya Sh 2,590,000, hesabu za taarifa ya kampuni na jedwali zinalingana, makofi. Sote 34 tungekuwa tumelipa Sh 10,000 kila mwezi kwa miezi minane, ingekuwa Sh 2,720,000, kwa hiyo madeni yote ni Sh 130,000. Sikusoma mistari ya mtu mmoja mmoja kwa sababu jua lilikuwa kali na watu walishaanza kuangalia mlango. Hesabu ilikuwa safi, na kila mtu akarudi kwake akiwa na imani.

Katikati ya Septemba mke wa Mzee Fundi akafariki.

Hapa sina haja ya kusimulia sana, mlikuwepo. Ila wanachama ambao hawakuwa karibu na kamati wajue tulichofanya. Kanuni yetu inasema mwenye deni la zaidi ya miezi miwili anapata nusu ya rambirambi. Tukafungua jedwali chini ya turubai, Mzee Fundi anasomeka ana Sh 50,000 kati ya 80,000, yaani anadaiwa miezi mitatu. Tukampa Sh 250,000 badala ya 500,000, na Mwenyekiti ukatangaza sababu mbele ya waombolezaji, maana ndivyo tunavyofanya siku zote ili isionekane tumekula. Mzee hakubishana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, akainua uso, akasema, "Mimi nimelipa," halafu akanyamaza. Aliyebisha ni Mama Salma. Alisimama akasema hizo hela aliziandika kwa mkono wake.

Ndipo tukamgeukia yeye.

Nataka tuikumbuke vizuri hoja iliyomwangusha, kwa sababu ilikuwa na sura ya ushahidi. Kijana wetu alifungua jedwali kwenye laptop, akabofya ile seli ya Mzee Fundi, akachagua "Show edit history", ikaonekana wazi: Jumamosi, saa 5:52 usiku, Sh 30,000 zimefutwa. Aliyefuta: Mweka Hazina. Akaenda kwenye seli ya Rashidi: dakika hiyo hiyo, Sh 30,000 zimeongezwa. Aliyeongeza: Mweka Hazina. Na Rashidi wetu ni shemeji yake Mama Salma, mdogo wa mumewe. Nani angehitaji zaidi? Mjumbe mmoja akasema mashine haina chuki na mtu. Laptop ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akatazama lile jina kwenye kioo akatikisa kichwa.

Mashine kweli haina chuki. Lakini ilichotuambia ni kwamba akaunti iitwayo Mweka Hazina imebadilisha seli. Haikutuambia ni kidole cha nani, na isingeweza, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumeizuia isijue. Watu wanne tulikuwa tunavaa kofia moja, halafu ilipoonekana kofia gizani tukamkamata mwenye jina lililoandikwa ndani yake.

Wapo watakaouliza: na wewe katibu ulikuwa wapi? Nilikuwa pale pale, nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na nguzo ya turubai. Sitasema nilisahau kabisa. Niliposikia saa ile ya usiku kuna kitu kilinigusa, nikakumbuka kuwa ndiyo siku nilipokuwa natengeneza taarifa. Lakini nilijua nimerekebisha makosa, na hili lilikuwa linasomwa kama wizi, kwa hiyo akili yangu haikuviunganisha. Au haikutaka. Nikanyamaza, na wiki iliyofuata nikaandika barua ya kumsimamisha.

Kilichonifumbua macho ni makabidhiano. Mlinituma nikachukue kitochi na daftari nyumbani kwake. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa chai, akanitolea vitu vyote vikiwa ndani ya mfuko wa rambo. Kitochi kimefungwa mpira wa ofisini kuzuia betri isidondoke. Nikasema nikague ujumbe wa miamala kabla ya kusaini. Nikashuka, nikashuka, mpaka Agosti. Katikati ya meseji za kupokea fedha nikakuta moja ambayo si ya fedha: namba sita za kuthibitisha kuingia kwenye akaunti, na onyo kwamba usimpe mtu yeyote. Imeingia Jumamosi ile, saa 5:44 usiku. Nikafungua orodha ya simu zilizoingia. Saa 5:45 kuna simu iliyopokelewa. Namba ni yangu.

Nikakumbuka yote. Akaunti ilikuwa imenigomea kwa kuwa nilikuwa natumia simu mpya, ikatuma namba za uthibitisho kwenye kitochi. Nikampigia Mama Salma, nikamwamsha: "Mama, samahani, kuna kinamba kimeingia hapo, nitajie." Akanitajia kwa sauti ya usingizi, akaniambia usiku mwema. Asubuhi hakukumbuka hata kama tuliongea. Mwanamke anayeamka saa kumi kukaanga vitumbua, saa sita kasoro robo usiku yuko kwenye usingizi mzito.

Onyo lile la usimpe mtu liliwekwa kwa sababu zile namba sita zilikuwa ndiyo kufuli la mwisho lililobaki, la pekee ambalo neno la siri la kalamu ya bluu halikuweza kulifungua. Nalo nililifungua kwa kuomba kwa adabu.

Kisha nikafungua daftari. Kumbe Mama Salma hakuwahi kuliacha. Aliendelea kuandika kila kitu kwa mkono pembeni ya jedwali, nasi tulikuwa tunamcheka kuwa ni mtu wa kizamani. Ukurasa wa Agosti, kwa mwandiko wake: "Fundi 30,000, kwa simu ya kijana wake Rashidi, Juni Julai Agosti." Na mbele yake kaandika namba ya muamala, ile mchanganyiko wa herufi na tarakimu inayokuja kwenye kila ujumbe. Nikailinganisha na meseji kwenye kitochi, ikalingana. Jioni nikapita kwa Mzee Fundi, kijana akanionyesha meseji ya kutuma kwenye simu yake. Namba ni ile ile. Vitu vitatu, sehemu tatu tofauti, na nyuma yake ipo taarifa ya kampuni, ambayo hakuna mwanakikundi anayeweza kuiingia akaifuta.

Wajumbe, kuna jambo moja tungeliona siku ile ile chini ya turubai kama hasira ingetupa dakika tano. Jumla haikubadilika. Kabla ya saa 5:52 jedwali lilikuwa na Sh 2,590,000, na baada yake lilikuwa na Sh 2,590,000, sawa na taarifa ya kampuni. Mtu akiiba, fedha inatoka kwenye laini, na kampuni inaacha alama ya muamala wa kutoa. Hapa hakuna hata shilingi iliyotoka. Kilichohama ni jina tu. Na ukimtazama Rashidi mwenyewe, tangu lini Rashidi akalipa kabla ya siku? Alikuwa na Sh 70,000, anadaiwa mwezi mmoja kama kawaida yake. Ghafla akawa na Sh 100,000, yaani amelipa mpaka Oktoba. Hilo peke yake lingetosha kutushtua. Nilimuuliza, akacheka, akasema hata yeye alishangaa lakini akaona asiharibu bahati.

Lakini pia tusiipe jumla kazi isiyo yake. Jumla ikilingana, unajua fedha ipo. Hujui ni ya nani. Mimi nilisimama Jumapili nikasoma jumla sahihi huku ndani yake mstari wa mtu umeshaharibika, na makofi mliyonipigia yalikuwa ya jumla.

Ninayoomba sasa.

Barua ya kumsimamisha Mama Salma ifutwe, na ufutwaji usomwe pale pale uliposomwa usimamishwaji, si kwa kunong'onezana. Mzee Fundi alipwe Sh 250,000 zilizobaki, na Mwenyekiti uende mwenyewe nyumbani kwake. Tulimtangazia deni mbele ya ndugu zake waliotoka Tanga kwa ajili ya maziko. Kama kuna adhabu, niko tayari, na ukatibu nimeuweka mezani.

Ile akaunti ya pamoja ifungwe. Kila mmoja aingie kwa barua pepe yake mwenyewe, na jedwali hilo hilo tunalotumia linaruhusu kugawa mamlaka: mweka hazina awe "Editor", mimi au katibu ajaye awe "Commenter", Mwenyekiti na wanachama wengine wawe "Viewer". Maana yake katibu akiona kitu kimekosewa ataandika dukuduku lake pembeni ya seli, jina lake litaonekana, na mwenye kuamua ni mweka hazina aliyepokea simu ya mwanachama. Ningekuwa "Commenter" usiku ule, ningeandika tu, "Mama, hizi si za Rashidi?" na asubuhi angenijibu kwa neno moja.

Iongezwe safu ya namba ya muamala, na nyingine ya aliyelipiwa kama laini si yake. Nusu yetu hapa tunatuma kwa simu za watoto, wake, waume au kwa wakala. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina linalotokea kwenye taarifa ni la mwenye laini, si la mwenye fedha. Bila safu hiyo, Rashidi wengine watakuja. Na kosa likionekana, lisifutwe juu kwa juu. Mstari wa zamani ubaki, chini yake uandikwe wa kurekebisha, na sababu.

Kuhusu namba ya siri ya laini yenyewe, hilo ni zito zaidi na sitaki kulimaliza kwa barua. Mnajua kwamba Mwenyekiti anaijua, Mama Salma anaijua, na siku ya msiba wakati mwingine anatumwa kijana kwa wakala akiwa ameambiwa namba hiyo mdomoni. Zipo huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi, M-Koba ni mojawapo, ambazo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe, kila mtu kwenye simu yake. Hizo ndizo kufuli tatu za sanduku la kijani. Ila tuelewane: hata tungekuwa nayo, haingezuia kosa langu. Mimi sikutoa fedha, nilibadilisha kumbukumbu tulizoziandika wenyewe pembeni.

Mama Salma nilipomweleza yote hakuniambia neno kwa muda. Alikuwa anachambua mchele. Halafu akasema, "Sasa katibu, na yale maneno ya kwenye turubai?" Nikamwambia naandika barua. Akasema andika, lakini kurudi kwenye uweka hazina atafikiria, na kwamba akirudi hatamtajia mtu kinamba hata akiwa ni mimi nalia.

Kitochi na daftari viko kwangu kabatini, kwenye mfuko ule ule. Kabla sijaondoka nilimwomba abadilishe namba ya siri ya laini, akabadilisha huku mimi nimegeukia ukuta. Kwa hiyo Mwenyekiti, ukijaribu ile ya zamani itakataa, na usinipigie kuniuliza, maana siijui. Nitavileta kikaoni Jumapili.

Wenu,
Katibu